Oda, stoo na ankara: namna ya kulinganisha hati tatu kabla ya kumlipa muuzaji

Lori la saruji likishashusha mzigo na kuondoka, kinachobaki mezani kwa mhasibu ni karatasi tu. Mifuko hakuiona, hakuihesabu, na mara nyingi hata stoo yenyewe iko mbali na ofisi yake. Ndiyo maana kabla hajaandaa malipo anatakiwa kuweka hati tatu pamoja na kuzisoma mstari kwa mstari.

Ya kwanza ni oda ya ununuzi, ambayo ofisi nyingi huiita LPO. Hii inaeleza mlichokubaliana na muuzaji: bidhaa gani, kiasi gani, kwa bei gani. Ya pili ni hati ya mapokezi ya bidhaa, au GRN, inayoandikwa na mtunza stoo wenu kueleza kilichoingia kweli. Ya tatu ni ankara, yaani dai la muuzaji. Kinacholipwa ni kile ambacho hati zote tatu zinakikubali.

Kuna karatasi ya nne inayochanganya watu: hati ya kukabidhi mzigo, ile dilivari noti anayokuja nayo dereva. Hiyo ni ya muuzaji. Ameiandika yeye, na ankara yake mara nyingi huiandaa kwa kuitazama hiyo hiyo. Ukilinganisha ankara na dilivari noti umelinganisha maneno ya muuzaji na maneno ya muuzaji, na bila shaka yatafanana. Nimekuta mafaili mengi ya malipo yenye oda, dilivari noti na ankara, GRN haimo, na aliyeidhinisha anaamini kabisa kwamba ameona hati tatu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: shule ya bweni ya binafsi, Tanzania Bara, inayokarabati mabweni mawili. Bei ni za mfano na hazina VAT ndani yake. VAT, ambayo katika mfano huu ni asilimia 18, inaongezwa mwishoni.

Kwanza: oda iandikwe kwa namna itakayoweza kulinganishwa

Oda ya shule yetu ina mistari mitatu:

| Bidhaa | Kiasi | Bei ya kimoja (TZS) | Jumla (TZS) |
|---|---|---|---|
| Saruji, mfuko wa kilo 50 | 300 | 14,000 | 4,200,000 |
| Nondo milimita 12, urefu mita 12 | 120 | 22,000 | 2,640,000 |
| Rangi ya maji nyeupe, ndoo ya lita 20 | 24 | 68,000 | 1,632,000 |

Jumla ni 8,472,000. VAT ni 1,524,960. Oda nzima ni 9,996,960.

Angalia maneno ya safu ya kwanza. Haikuandikwa "saruji 300" wala "rangi 24". Kipimo kimetajwa, na kitatusaidia sana mbele. Oda inayosema "rangi 24" inampa muuzaji nafasi ya kuleta chombo chochote chenye rangi ndani, naye hatakuwa amekosea. Vilevile oda iseme wazi kama bei ina VAT ndani au la. Ugomvi wa asilimia 18 kati ya ofisi na muuzaji mara nyingi hauna mwizi ndani yake. Mmoja alitaja bei yenye kodi, mwingine akaiandika kama bei isiyo na kodi. Andika pia bei inadumu mpaka lini, kwa mfano "bei hii haibadiliki kwa siku 60 tangu tarehe ya oda".

Nakala zigawanywe siku hiyo hiyo: moja kwa muuzaji, moja kwa mhasibu, moja stoo. Nakala ya stoo nashauri itolewe bila kiasi. Mtunza stoo aone bidhaa, kipimo, jina la muuzaji na namba ya oda, lakini safu ya kiasi iwe tupu. Sababu yake inakuja sasa hivi.

Pili: mapokezi, mahali ambapo mengi huharibika

Picha iko hivi. Saa kumi na mbili jioni lori linaingia. Dereva ana haraka, anataka kurudi mjini kabla giza halijashika. Anampa mtunza stoo dilivari noti inayosema mifuko 200 na nondo 120, na kalamu juu yake. Mtunza stoo anatazama rundo, linaonekana kubwa, anasaini. Kesho asubuhi anakaa kuandika GRN, na kwa kuwa hana namba nyingine yoyote, ananakili 200 na 120 kutoka kwenye dilivari noti.

Kuanzia hapo hakuna ulinganishi utakaosaidia. Mhasibu ataona oda, GRN na ankara zinakubaliana vizuri kabisa, kwa sababu GRN na ankara zote mbili zimetokana na kalamu ya muuzaji. GRN ina thamani pale tu inapotokana na hesabu ya mikono na macho ya mtu wenu.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Dereva anashusha, na mtunza stoo anahesabu wakati mzigo unashuka. Saruji ipangwe kwa mafungu yanayolingana, tuseme mifuko 10 kila fungu, ili hesabu irudiwe kwa dakika mbili. Kiasi aandike kwenye daftari lake kabla ya kuitazama dilivari noti, na ndiyo sababu nakala yake ya oda haina kiasi. Mtu akijua zinatakiwa 200, macho yake yatamletea 200. Asiyejua atahesabu.

Kuhesabu peke yake hakutoshi. Saruji iguswe: mfuko ulioingiwa na maji huwa na mabonge magumu kwenye pembe ambayo hayavunjiki ukiyabonyeza kwa vidole. Iliyochanika itengwe. Nondo zipimwe unene, na kama kuna mizani, zipimwe uzito, kwani unene uliopungua kidogo hauonekani kwa jicho. Nondo ya milimita 12 iliyokamilika ina uzito wa karibu gramu 890 kwa kila mita, hivyo ya mita 12 huwa karibu kilo 10.7. Ukipima kumi ukapata kilo 95 badala ya 107 hivi, umeletewa nondo nyembamba kwa bei ya nene, hata kama idadi imetimia.

Kinachokataliwa kiandikwe mahali pawili: kwenye dilivari noti, kabla ya dereva kuondoka na mbele ya saini yake, na kwenye GRN. GRN iwe na safu tatu za kiasi, yaani kilicholetwa, kilichokataliwa na kilichopokelewa. Ikiwa na safu moja tu, sababu ya tofauti itapotea, na baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka kama mifuko 6 ilipungua, ilipasuka au iliibwa.

Mzigo ukifika usiku au mvua inanyesha na hauhesabiki, mtunza stoo asaini dilivari noti kwa maneno haya: "Umepokelewa bila kuhesabiwa, utahesabiwa kesho." Muuzaji mzuri hatalalamika. Kesho yake GRN iandikwe kwa hesabu halisi, muuzaji ajulishwe tofauti siku hiyo hiyo.

Kwenye mfano wetu, safari ya kwanza ilileta saruji mifuko 200 na nondo 120. Mifuko 6 ilikuwa imeganda. Nondo zilikuwa sawa. GRN ya kwanza basi inasema: saruji ililetwa 200, ikakataliwa 6, ikapokelewa 194, nondo 120. Dereva alisaini na kuondoka na ile sita.

Tatu: weka hesabu inayojumlisha safari zote

Oda moja mara chache huletwa kwa safari moja. Hapa ndipo hata wahasibu makini huteleza, kwa sababu wanalinganisha kila ankara peke yake na oda nzima. Ankara ya mifuko 200 chini ya oda ya 300 inaonekana salama. Ankara ya pili ya mifuko 106 nayo, ukiisoma peke yake, inaonekana salama. Mbili pamoja ni 306.

Dawa yake ni jedwali dogo la kompyuta, au daftari kama ofisi haina kompyuta, ambapo kila mstari wa oda una jumla ya vilivyopokelewa mpaka leo na jumla ya vilivyodaiwa mpaka leo. Tengeneza kurasa tatu kwenye Excel: `ODA`, `GRN` na `ANKARA`. Kila ukurasa safu A ni namba ya oda, B ni msimbo wa bidhaa, C ni kiasi, na kwenye `GRN` kiasi hicho ni kilichopokelewa. Kwenye ukurasa wa `ODA` ongeza safu tatu:

```
D2: =SUMIFS(GRN!C:C,GRN!A:A,A2,GRN!B:B,B2)
E2: =SUMIFS(ANKARA!C:C,ANKARA!A:A,A2,ANKARA!B:B,B2)
F2: =MIN(C2,D2)-E2
```

Safu D inajumlisha vilivyopokelewa, E inajumlisha vilivyodaiwa, na F inachukua kilicho kidogo kati ya kiasi cha oda na kiasi kilichopokelewa, kisha inatoa kilichodaiwa. F ikiwa sifuri, dai linaenda sawa na mzigo. Ikiwa juu ya sifuri, kuna mzigo mmeupokea na muuzaji bado hajaudai. Ikiwa chini ya sifuri, mnadaiwa kitu ambacho hakikuingia au hakikuagizwa, na malipo yanasimama hapo.

Tumia msimbo wa bidhaa, si jina. Mmoja akiandika "saruji" na mwingine "simenti", kompyuta itaziona ni bidhaa mbili, nayo F itakudanganya. Kiasi nacho kiwe kwa kipimo kile kile cha oda kwenye kurasa zote.

Nne: ankara inapofika

Kabla ya kugusa kiasi, thibitisha kwamba unachoshika ni ankara. Proforma si ankara, ni bei aliyoipendekeza muuzaji kabla ya kuuza. Taarifa ya akaunti ya muuzaji nayo si ankara. Tazama kwenye orodha yenu kama namba ya ankara hiyo imewahi kuingia kutoka kwa muuzaji huyo huyo. Kuwa mwangalifu na namba zinazofanana, kwa mfano 0412 na 412, au 412 na 412A. Wengi hulipa mara mbili si kwa hila bali kwa sababu ankara ya kwanza ilikuja kwa WhatsApp, ikalipwa, kisha ile halisi ikaja na dereva baada ya wiki mbili.

Kama muuzaji amesajiliwa kwa VAT, dai lake liwe na risiti ya mashine ya EFD yenye jina na TIN ya shule yenu. Namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti ihakikiwe kwenye `verify.tra.go.tz`. Kiasi kitakachotokea hapo kifanane na kilichoandikwa kwenye karatasi. Hii ni dakika moja tu, na nimeiona ikiokoa ofisi kutoka kwa risiti iliyotengenezwa nyumbani kwa kompyuta.

Kisha nenda mstari kwa mstari, kwa mpangilio huu: bidhaa na kipimo, kiasi, bei, halafu kodi na jumla. Usianzie kwenye jumla. Jumla inaweza kufanana kwa bahati huku mstari mmoja umezidi na mwingine umepungua.

Ankara ya kwanza

Muuzaji anadai saruji 200 kwa 14,000 na nondo 120 kwa 22,000. Ni 5,440,000, VAT 979,200, jumla 6,419,200.

Bidhaa na kipimo ni sawa na oda. Bei ni sawa na oda. Kiasi cha nondo ni sawa na GRN. Saruji: anadai 200, GRN inasema 194. Ukiingiza 200 kwenye ukurasa wa `ANKARA`, F inaonyesha -6. Thamani yake ni 84,000, na ukiongeza VAT ni 99,120.

Mara nyingi muuzaji atasema, "Mlipe tu yote, ile sita naileta safari ijayo." Msimkubalie. Ukilipia 200 leo, safari ijayo ataleta 106, na karani wake anayeandaa ankara hajui lolote kuhusu ile sita, ataandika 106. Hapo ndipo mtalipia mifuko 306. Nililipa hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, katika taasisi ambayo sitaitaja, na nilikuja kugundua miezi mitano baadaye nilipokuwa nahesabu upya oda ya jengo zima. Muuzaji alirudisha, lakini baada ya barua tatu na safari mbili za kumfuata dukani.

Usikate tarakimu kwa kalamu juu ya ankara na kulipa kiasi pungufu. Ankara yenye 200 na malipo ya 194 zitabaki zinagombana kwenye vitabu vyenu na vyake, na risiti ya EFD bado itasoma kiasi kikubwa. Muombe muuzaji kredit noti, yaani hati ya kupunguza dai lake, ya mifuko 6, au ankara mpya kama ya kwanza haijatolewa risiti. Ikiwa kredit noti imefika, iambatishe kwenye ankara, iingize kwenye ukurasa wa `ANKARA` kama kiasi cha -6, na F itarudi sifuri. Kinacholipwa ni 194 × 14,000 = 2,716,000, na nondo 2,640,000. Pamoja ni 5,356,000, VAT 964,080, jumla 6,320,080.

Kama kredit noti inachelewa na muuzaji ana shida ya fedha, shule inaweza kulipa ile sehemu isiyo na ubishi huku faili likibaki wazi. Uamuzi huo uandikwe na anayeidhinisha malipo, si mhasibu peke yake.

Ankara ya pili

Baada ya wiki tatu lori linarudi. Saruji 106, zote nzima. Rangi imekuja ndoo 20 za lita 20 na galoni 20 za lita 4. Dereva anaeleza kwamba ndoo ziliisha dukani, na kwamba galoni 20 ni lita 80, sawasawa na ndoo 4. Hesabu yake ni sahihi. Mtunza stoo alifanya vizuri: aliandika GRN kwa vitu alivyoviona, ndoo 20 na galoni 20, bila kuvigeuza kichwani kuwa "rangi 24". Angeandika 24, habari ya galoni isingefika kwa mhasibu kamwe.

Ankara inadai saruji 106 kwa 14,500, ndoo 20 kwa 68,000 na galoni 20 kwa 15,500. Ni 3,207,000, VAT 577,260, jumla 3,784,260.

Kiasi cha saruji kiko sawa: 194 na 106 ni 300. Bei ndiyo imepanda kwa 500. Mara 106 ni 53,000. Muuzaji anasema kiwanda kimepandisha, na huenda ni kweli. Lakini oda inasema bei inadumu siku 60, na mzigo umefika ndani ya siku hizo. Hata kama siku zingekuwa zimepita, mhasibu hana mamlaka ya kukubali bei mpya. Anaipeleka kwa aliyetoa oda, ambaye ama anaikataa, ama anatoa marekebisho ya oda kwa maandishi, yenye tarehe na saini ya aliyeidhinisha oda ya kwanza. Neno la simu halilipiwi.

Rangi inahitaji kugeuza kipimo. Ndoo ya lita 20 kwa 68,000 ni 3,400 kwa lita. Galoni ya lita 4 kwa bei hiyo ni 13,600. Muuzaji ameandika 15,500, ambayo ni 3,875 kwa lita. Bei ya galoni hakuna aliyeikubali popote, haimo kwenye oda. Galoni 20 kwa 13,600 ni 272,000, yeye anadai 310,000. Tofauti ni 38,000. Kwa kuwa galoni zilikuja kwa uhaba wa dukani kwake, shule ilikuwa na haki ya kuzirudisha au kuzikubali kwa bei ya lita ya oda. Afisa ununuzi alichagua la pili, akamwandikia muuzaji, muuzaji akakubali. Kwenye jedwali galoni 20 ziliingizwa kama ndoo 4 katika GRN na katika ankara, na maelezo ya ugeuzaji yakaandikwa pembeni.

Ankara iliyorekebishwa ikawa: saruji 1,484,000, ndoo 1,360,000, galoni 272,000. Pamoja 3,116,000, VAT 560,880, jumla 3,676,880. Jumlisha na malipo ya kwanza, 6,320,080, unapata 9,996,960, sawa na oda mpaka shilingi ya mwisho. Bila ulinganishi shule ingetoa 10,203,460. Tofauti ni 206,500, na hakuna aliyeiba. Ni mifuko iliyoganda, karani asiyejua kilichotokea stoo, kiwanda kilichopandisha bei na ndoo zilizoisha.

Tofauti ndogo zivumiliwe kiasi gani

Ofisi ikisimamisha malipo kwa shilingi 40 za kukadiria tarakimu, wauzaji watachoka nayo. Weka kiwango kwa maandishi. Kwa taasisi ya ukubwa huu ningeweka asilimia 1 ya mstari au TZS 10,000, kile kilicho kidogo, na kiwe kwa bei tu. Kwa vitu vinavyohesabika, kama mifuko, nondo na ndoo, kisiwepo kabisa. Mfuko haupungui nusu. Mchanga na kokoto ni jambo jingine, kwa kuwa ujazo wa lori hutofautiana. Hapo kubalianeni na muuzaji mapema namna ya kupima bodi ya lori, na kiwango kiwe kikubwa kidogo.

Kiwango hicho asijulishwe muuzaji. Akikijua, kila ankara itakuja imezidi kwa elfu tisa na mia tano.

Ulinganishi wa karatasi tupu

Kuna mafaili yanayolingana vizuri mno, na hayo ndiyo ninayoyatazama kwa makini zaidi. Tarehe ya oda ikiwa ile ile ya ankara, au baada yake, oda iliandikwa kuhalalisha kitu kilichokwishanunuliwa. GRN zikiwa na namba zinazofuatana ilhali tarehe zake zimepishana miezi, huenda kitabu kiliandikwa kwa siku moja. Mwandiko wa oda na wa GRN ukiwa mmoja, mtu mmoja ameagiza na kujipokelea.

Dalili nzito kuliko zote ni hii: chukua GRN za mwaka mzima uangalie safu ya vilivyokataliwa. Ikiwa tupu kuanzia Januari hadi Desemba, hakuna anayehesabu. Saruji haiji mwaka mzima bila mfuko mmoja kupasuka njiani.

Shule ndogo yenye mhasibu mmoja na mtunza stoo mmoja haiwezi kugawa kazi kama kampuni kubwa, lakini mikono mitatu bado inapatikana. Mkuu wa shule asaini oda, mtunza stoo ahesabu, na mwalimu wa zamu au matroni ashuhudie na kusaini GRN pamoja naye. Asiyefaa kushika kitabu cha GRN ni yule anayeandaa hundi.

Kwa kazi za fundi, ambazo haziingii stoo, mahali pa GRN panachukuliwa na cheti cha kukamilika kwa kazi kinachotaja kilichopimwa: mita za mraba zilizopakwa rangi, milango iliyopachikwa. "Kazi imekamilika vizuri" haiwezi kulinganishwa na kitu chochote.

Baada ya kulipa, na mwisho wa mwezi

Malipo yakitoka, oda, GRN na ankara zibanwe pamoja na zigongwe muhuri wa IMELIPWA, kila moja kwa nafasi yake, pamoja na tarehe na namba ya malipo. Muhuri juu ya ankara pekee unaacha GRN ikiwa huru kutumika tena chini ya ankara nyingine.

Mwisho wa mwezi fungua jedwali na usome safu ya F yote. Mistari iliyo juu ya sifuri ni mzigo uliokwishaingia stoo na pengine umekwishatumika, ila ankara haijaja. Hilo ni deni, na liingie kwenye vitabu vya mwezi huo kwa bei ya oda, la sivyo mwezi huu ukarabati utaonekana rahisi na ujao utaonekana ghali. Mstari ukikaa juu ya sifuri zaidi ya miezi miwili, mpigie muuzaji simu umuulize ankara yake iko wapi. Oda ambayo haitaletewa tena kitu ifungwe kwa maandishi, ili mifuko iliyobaki juu yake isije ikadaiwa mwakani na mtu ambaye hakuileta.